Lori la Tatu Linakunywa Dizeli: Ni Dereva au Ni Gari?

SWALI

Habari ya kazi, Mzee. Mimi ni mama mfanyabiashara hapa Nakuru. Nina malori manne aina ya FRR yanayobeba unga na chakula cha mifugo kwenda Kisumu, na mara nyingine Kakamega na Bungoma. Yakipata bahati hurudi na sukari, yakikosa hurudi matupu.

Mwezi uliopita dizeli ilinigharimu shilingi 486,000, na ule wa kabla yake 431,000, ilhali kazi ilikuwa ile ile. Gereji nayo haishi. Madereva wakiulizwa wanasema bei ya mafuta imepanda na barabara ni mbaya. Risiti ninazo zote, zimejaa kwenye kikapu, lakini nikizisoma hazinielezi kitu. Malori yana traka, ila mimi huitumia tu kujua gari limefika wapi.

Mume wangu anataka tumfute dereva wa lori la tatu kwa sababu risiti zake ndizo kubwa, na kabla ya hapo tumkate mshahara kufidia mafuta. Mimi nasita. Huenda ni mwizi, huenda gari ni bovu. Sina uwezo wa kuajiri mhasibu. Nifanyeje nijue ukweli?

Mama wa Malori, Nakuru

JIBU

Salama, Mama. Mwambie baba watoto asubiri kwanza. Risiti kubwa peke yake haithibitishi lolote, maana huenda dereva huyo ndiye anayekwenda Bungoma huku wenzake wakiishia Ahero.

Jambo la kwanza, acha kupima mafuta kwa shilingi. Kila tarehe 14 Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, yaani EPRA, hutangaza bei mpya za pampu, nazo huanza kutumika tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Ukifunga hesabu tarehe 30, umechanganya bei mbili ndani ya mwezi mmoja, na madereva wako watakuwa na kisingizio ambacho huwezi kukipinga. Pima kwa lita na kilomita. Kisha hesabu ya mwezi wako ianze tarehe 15 na iishe tarehe 14, ili hata shilingi zenyewe ziwe na maana siku utakapozihitaji.

Kipimo chenyewe ni kilomita ngapi kwa lita moja, na njia ya kukipata bila mashine yoyote ni ya tangi kujaa hadi tangi kujaa. Chagua kituo kimoja cha mafuta hapo Nakuru, ufungue akaunti ili dereva asishike pesa taslimu. Lori lijazwe mpaka nozeli ijikate yenyewe mara ya kwanza, basi, hakuna kuongeza. Dizeli hutoa povu, na mhudumu akiendelea kubana kidogo kidogo, leo utapata lita tano zaidi na kesho tano pungufu bila mtu kuiba tone. Lisimame mahali pale pale kila mara, kwa sababu tangi likiinama upande mmoja ujazo hubadilika. Dereva apige picha ya kilomita kwenye dashibodi na picha ya risiti yenye namba ya usajili wa gari, akutumie kwa simu kabla hajaondoka kituoni. Siku ambayo tangi halikujazwa hadi mwisho, andika lita hizo lakini usifanye hesabu. Ngoja tangi lijae tena.

Nitakupa mfano wa namba za kubuni, wewe utaweka zako. Lori la tatu lilijaa tangi kipima kilomita kikisoma 214,380. Mwisho wa mwezi limejaa tena na kinasoma 217,500. Limetembea kilomita 3,120. Jumla ya lita zilizoingia baada ya ule ujazo wa kwanza ni 709. Gawanya, unapata 4.4 kwa lita. Malori mengine matatu, kwa njia hiyo hiyo, yamekupa 5.1, 5.2 na 5.3. Kama la tatu nalo lingepata 5.2, lingetumia lita 600. Kwa hiyo unatafuta lita 109. Huo ndio mzigo wa swali lako, nao ni mdogo na una umbo kuliko hasira ya kikapu kizima cha risiti.

Lakini kabla ya kulinganisha, hakikisha unalinganisha vitu vya aina moja. Kutoka Nakuru, iliyo karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, lori hupanda hadi Mau Summit karibu mita 2,500, kisha huteremka kupitia Kericho hadi Kisumu iliyo karibu mita 1,130. Kwenda Kisumu na mzigo, sehemu kubwa ya kazi hufanywa na mteremko. Kurudi na sukari, lori linapandisha uzito wote huo kutoka uwanda wa Ahero hadi Kericho na kuendelea. Dereva anayerudi na sukari mara nyingi atakuwa na kipimo kibaya kuliko anayerudi mtupu, na huyo wa kwanza ndiye anayekuingizia pesa! Kwa hiyo kwenye daftari, kando ya kila safari andika njia na mzigo wa kwenda na wa kurudi. Linganisha safari za kwenda na kurudi zikiwa kamili, Kisumu kwa Kisumu, sukari kwa sukari. Wala usichukue kipimo cha jirani au cha muuza magari. Kiwango chako ni kile ambacho malori yako yenyewe yamekuwa yakikipata kwenye njia hiyo.

Sasa tuseme umelinganisha sawasawa na lita 109 bado zimepotea. Zinaweza kuwa zimeibwa, zimechomwa na injini mbovu, au zimechomwa gari likiwa limesimama. Nianze na hili la mwisho kwa sababu ndilo watu husahau. Injini ya lori la ukubwa huo ikinguruma tu bila kutembea hunywa lita moja hivi hadi moja na nusu kwa saa. Dereva akiacha injini ikiwaka saa mbili kila siku akingoja kupakuliwa, kwa siku 26 umepoteza lita 52 hadi 78, na hakuna aliyeiba. Traka yako inaonyesha muda ambao injini iliwaka gari likiwa limesimama. Ifungue ripoti hiyo leo. Ikiwa muda mwingi ni kwenye ghala la mteja mmoja, maneno yako ni na mteja, dereva muache.

Ubovu wa gari una dalili zake. Moshi mweusi lori likipanda mlima mara nyingi ni ea klina iliyoziba au injekta zilizochoka. Magurudumu yenye upepo mdogo huvuta gari nyuma mchana kutwa. Na kuna breki inayokamata: gari likifika, fundi asogeze kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu, bila kukigusa. Likiwepo gurudumu moja lenye joto kali kuliko wenzake, breki yake haiachii, na unalipa dizeli ya kuisukuma. Kagua pia kipima kilomita chenyewe. Linganisha kilomita zake na za traka kwa safari moja ya Kisumu, ambayo ni kama kilomita 185 kwenda tu. Kipima kikipunguza kilomita, dereva mwaminifu ataonekana mwizi.

Ikiwa gari ni zima na halikukaa likinguruma, ndipo uanze kufikiria mkono wa mtu. Hapa kuna hesabu ambayo unaweza kuifanya kwa kila risiti siku hiyo hiyo, bila kungoja mwisho wa mwezi. Lori limeondoka Nakuru limejaa, likaenda Kisumu na kurudi, kilomita 370. Kwa 5.2 kwa lita, nafasi iliyobaki wazi ndani ya tangi ni lita 71 hivi. Risiti ikisema lita 95, kuna lita 24 za kuelezewa. Ukiona hivyo safari moja, nyamaza. Ukiona safari tatu mfululizo, nenda kituoni siku ambayo hawakutegemei, usimame kando ya pampu mpaka nozeli ijikate.

Ikiingia lita 71 ukiwa umesimama hapo, na siku zote usipokuwepo huingia 95, tatizo liko kwenye pampu: mhudumu anaandika zaidi ya alichotia wakagawana, au mtungi unajazwa pembeni. Ikiingia 95 kweli mbele ya macho yako, basi dizeli imetoka ndani ya tangi njiani. Muombe fundi aangalie nati ya kumwagia mafuta chini ya tangi kama ina alama mpya za spana, na pia bomba linalorudisha mafuta kwenye tangi kutoka kwenye injini, kwa sababu wengine hufungua bomba hilo injini ikiwaka na dizeli ikajaa mtungini taratibu bila kuonekana. Pale traka ilipoonyesha gari limesimama dakika ishirini mahali pasipo na hoteli wala mteja, una mahali pa kuanzia kuuliza.

Wizi wa aina nyingine hutauona kabisa kwenye kilomita kwa lita. Dereva anayebeba mzigo wake wa kando kutoka Kericho hadi Sondu anatembeza gari vizuri tu, na kipimo chake kitakuwa 5.2 safi. Kinachomfichua ni kilomita zenyewe. Jumlisha umbali wa safari ulizoziagiza, weka kando kilomita zilizosomwa. Zikizidi kidogo, ni mzunguko wa mjini. Zikizidi mia mbili au tatu kwa mwezi, muulize. Na dereva ambaye kipimo chake kimeruka ghafla hadi 6.5 usimpongeze upesi. Yawezekana tangi halikujazwa, na lita zilizokosekana utazilipa mwezi ujao.

Tukiingia gereji, utaona kwa nini mafuta na matengenezo lazima yasomwe pamoja. Chora safu mbili kwenye daftari: moja ya sevisi uliyoipanga, nyingine ya kuharibika. Gharama za gereji hazitulii. Mwezi mmoja unanunua magurudumu, mwezi wa pili hununui kitu. Kwa hiyo jumlisha miezi mitatu, kisha ugawe kwa kilomita za miezi hiyo mitatu. Tuseme lori la kwanza limetumia shilingi 62,000 kwa kilomita 9,500, ambayo ni karibu shilingi 6.50 kwa kilomita, na kati ya hizo 40,000 ni sevisi. La tatu limetumia 118,000 kwa kilomita 9,300, karibu shilingi 12.70 kwa kilomita, lakini sevisi ni 31,000 tu na zilizobaki 87,000 ni kuharibika. Soma orodha ya hizo 87,000. Ukikuta lainingi za breki zimebadilishwa mara mbili ndani ya miezi mitatu na ngoma moja imepasuka kwa joto, hapo umeacha habari za fundi na umefika kwa dereva na mteremko wa Salgaa.

Hili nalijua kuwa ni ugonjwa wa barabara yetu. Dereva akifika juu anaweka nyutro, gari linateremka lenyewe, naye anaamini ameokoa dizeli, ambayo wengine huiuza. Injini ya dizeli ikiwa ndani ya gia na mguu umetolewa kwenye mafuta haipokei dizeli yoyote, magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Kwenye nyutro ni lazima inyweshwe ili isizime. Kwa hiyo kwenye mteremko mkali ambao ungelazimika kukanyaga breki, nyutro haikuokolei chochote. Nyutro huvuna mafuta pale tu mteremko ni mwepesi na gari linaachwa lijiendee kasi, na kasi hiyo ndiyo inayoua watu Salgaa. Isitoshe, kwenye nyutro injini haisaidii kuzuia gari wala breki ya ekzosi haifanyi kazi, uzito wote unabebwa na lainingi peke yake. Ndiyo maana dereva wa aina hii anaweza kukuletea kipimo kizuri cha mafuta na bili mbaya ya breki. Angalia kwenye traka kasi yake kati ya Mau Summit na Salgaa anaporudi. Kisheria lori halitakiwi kupita kilomita 80 kwa saa, na kidhibiti mwendo kinaweza kuzuia mafuta ya injini tu, hakiwezi kuzuia gari lililo kwenye nyutro. Ukiona 95 kwenye mteremko huo na kidhibiti ni kizima, basi hakuwa kwenye gia inayomfaa, au hakuwa kwenye gia kabisa.

Kwa sababu hiyo hiyo nakuonya kuhusu bonasi. Wenye malori wengi wakishapata kipimo hukimbilia kuahidi pesa kwa dereva mwenye kilomita nyingi kwa lita. Umemnunulia nyutro. Ukitaka kugawana naye akiba, ambalo ni jambo zuri, mpe sehemu ya lita alizookoa chini ya kiwango cha njia hiyo, kwa sharti mbili: mwezi huo traka haikuonyesha kupita 80, na breki za gari lake hazikubadilishwa kabla ya wakati wa kawaida wa malori yako. Halafu uache nafasi ya makosa. Hata kipimo kizuri hupanda na kushuka kwa sehemu tano katika mia bila sababu. Kati ya 5.1 na 5.3 hakuna dereva bora, wala hakuna mbaya.

Sasa jaribio la kuamua kesi yenu. Baada ya fundi kukagua lori la tatu, badilisha madereva: wa la tatu aende la kwanza, wa la kwanza aje la tatu. Waambie ni kwa ajili ya likizo au ratiba, usifanye mkutano. Waache kwa mwezi mzima kwenye njia zile zile na mizigo ya aina ile ile. Mwisho wa mwezi angalia 4.4 imeenda wapi. Ikibaki na lori la tatu hata chini ya dereva mpya, gari ni bovu na unamdai fundi, si dereva. Ikihama na dereva hadi lori la kwanza, ambalo daima lilikuwa 5.2, umepata jibu zito, ingawa bado hujajua kama ni mkono wake au mguu wake. Kama muda wa kunguruma na kasi vimehama naye, ni uendeshaji, na huyo anafundishika: mpe mwenzake mzuri safari chache waende pamoja. Kama traka yake ni safi na lita bado hazipo, rudi kwenye hesabu ya nafasi ya tangi.

Kuna matokeo ya tatu ambayo huwashangaza wengi: malori yote mawili yanapanda hadi 5.2 mwezi huo huo. Gari halijipatii afya kwa kubadilishiwa dereva. Hapo kuna aliyeogopa kwa kuona anaangaliwa. Usimshukuru wala usimfukuze, endelea kuandika.

Kuhusu kukata mshahara, mzuie mzee kabisa kwa sasa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu makato ya kiasi cha haki kwa hasara ambayo mfanyakazi ameisababisha kwa makusudi, na makato yote kwa jumla hayawezi kupita thuluthi mbili za mshahara. Lita 109 ambazo hujui zilikoenda si hasara ya makusudi ya mtu yeyote. Na ukifika mahali pa kumfuta kwa utovu wa nidhamu, kifungu cha 41 kinakutaka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa na umsikilize, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua yeye. Kaa naye na daftari: safari, kilomita, lita, picha za dashibodi alizozituma mwenyewe, ripoti ya traka, na cheti cha fundi kuwa gari ni zima. Mpe nafasi ya kueleza kila safari iliyozidi. Andika majibu yake, mtie sahihi nyote.

Mwezi huu fanya tu ujazo wa tangi na picha. Safu za gereji zianze pamoja nao, hata kama miezi mitatu bado haijatimia, kwa sababu risiti za zamani ziko kikapuni na zinaweza kupangwa kwa namba ya gari jioni mbili tatu. Kubadilisha madereva kungoje mwezi wa pili, ukiwa na kipimo cha kulinganisha.